Tanki la sola linatoa vuguvugu: usinunue paneli kabla ya kupima valvu

*Swali:* Habari za kazi mhandisi. Niko Moshono, Arusha. Juu ya bati nina tanki la sola la lita 150 na paneli moja bapa ya kioo, mwaka wa tano sasa. Zamani saa kumi jioni maji yalikuwa yanaunguza, siku hizi ni vuguvugu hata kwa jua hili la Januari. Jana nilipima kwenye bomba la bafuni nikapata nyuzi 34. Fundi wa kwanza kasema mirija imejaa chokaa, ninunue paneli mpya. Wa pili kasema ni valvu. Mimi naona sponji za mabomba zimeliwa na ndege. Miksa ya bafuni tuliibadilisha mwaka jana, sijui kama inahusika. Halafu simtanki linafurika usiku maji ya mamlaka yakija, wakati floti ni mpya. Nianzie wapi?

*Jibu:* Anzia kwenye hilo ulilolitaja mwisho. Simtanki linalofurika usiku huku floti ikiwa nzima linapata maji kutoka njia nyingine, na kwenye nyumba yenye sola njia hiyo mara nyingi hupita katikati ya tanki lako la maji moto. Mafundi wako wote wawili huenda wana sehemu ya ukweli, lakini paneli ni kitu cha mwisho kununua, na ipo namna ya kujua nani yuko sahihi bila kufungua hata nati moja.

Kwanza tenganisha joto la tanki na joto la bombani. Ulipima bafuni, na nyuzi 34 za bafuni hazikuambii chochote kuhusu tanki, kwa sababu maji yakifika hapo yanaweza kuwa yameshachanganyika. Chagua siku ya jua. Zima swichi ya kipasha umeme tangu asubuhi, kama kipo, na waombe watu wa nyumbani wasitumie maji ya moto kuanzia saa nane mchana. Saa kumi jioni panda na kipimajoto cha jikoni, ukifunge kwa tepu kwenye nipeli ya chuma ambapo bomba la maji moto linatoka tankini, kisha ukizungushie kipande cha sponji ili upepo usikidanganye. Mtu aliye chini afungue maji ya moto bafuni kwa dakika mbili tatu. Namba itakayosimama ongeza nyuzi mbili au tatu, hilo ndilo joto halisi la maji yanayoondoka tankini. Ukiwa juu, kanyaga pale kwenye mistari ya misumari, maana bati la mgongo mpana hubonyea katikati, na usipande asubuhi likiwa na umande.

Tuseme tanki limekupa nyuzi 50 na bafuni bado ni 34. Maji yako ya baridi Arusha nayachukulia kuwa nyuzi 20. Kutoka 50 kushuka hadi 34 ni nyuzi 16, na kutoka 50 hadi 20 ni nyuzi 30. Gawanya 16 kwa 30: zaidi ya nusu ya maji unayooga ni ya baridi yaliyojipenyeza. Paneli haina kosa lolote hapo, na hata ukinunua mbili mpya utaendelea kuoga vuguvugu.

Tuseme badala yake tanki lenyewe ni nyuzi 34. Hapo hesabu ni nyingine. Paneli ya mita 2 za mraba, siku inayoleta kilowati-saa 5 za jua kwa kila mita, inapokea kilowati-saa 10 na kukupa takribani nusu yake ndani ya maji. Kilowati-saa 5 zinapandisha lita 150 kwa nyuzi 29 hivi, yaani kutoka 20 hadi karibu 49. Wewe umepanda nyuzi 14 tu, sawa na kilowati-saa 2.4. Nusu ya joto imepotea kabla ya kufika au baada ya kufika tankini, na hapo ndipo maneno ya chokaa yanaanza kuwa na maana.

Kwa dalili ulizotoa, mimi naweka dau kwenye hali ya kwanza, kwa sababu ya miksa na simtanki. Nyumba nyingi zimefungwa hivi: maji ya moto yanatoka simtanki, yanashuka kwa uzito wake kupitia tanki la sola, lakini maji ya baridi ya bafuni yameunganishwa moja kwa moja na bomba la mamlaka. Simtanki lililo mita 3 juu ya bafu linasukuma kwa nguvu ya mita 3 tu. Bomba la mamlaka usiku, watu wakiwa wamelala na mabomba yamefungwa, linaweza kusukuma mara kadhaa ya hapo. Pande hizo mbili zinakutana ndani ya miksa. Miksa ya mkono mmoja ikiwa na moyo uliochakaa, au ikiachwa wazi huku shawa ya mkono imefungwa kwa kitufe chake, inakuwa mlango kati ya baridi na moto. Maji ya baridi yanaingia kwenye bomba la moto kinyumenyume, yanapanda hadi juu ya tanki la sola na kuyasukuma maji yako moto yatokee chini, kwenye bomba la kuingizia, hadi simtanki. Simtanki linafurika, floti haina la kufanya, na joto la mchana mzima linamwagika bustanini.

Hilo unaweza kuligusa kwa mkono. Usiku ambao simtanki limefurika, amka saa kumi na mbili asubuhi, fungua mfuniko na uchovye mkono kwenye maji ya juu. Arusha asubuhi maji ya simtanki yanatakiwa yakushtue kwa baridi. Yakiwa na uvuguvugu, kesi imeisha. Kama kwenye bomba la kuingiza maji tankini kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, na ni nzima, simtanki halitafurika. Badala yake valvu ya usalama itatiririka usiku, au bomba la pumzi litamwaga maji juu ya bati. Na tanki lililoundwa kwa ajili ya maji ya simtanki halikuundwa kubeba presha ya mamlaka, kwa hiyo hili si la kusubiri mwezi ujao.

Ili kujua ni miksa ipi, funga koki ya maji yanayoingia tanki la sola. Fungua bomba la maji ya moto jikoni. Yatatoka yaliyobaki bombani kwa sekunde chache, kisha yanapaswa kukata. Yakiendelea kutoka, na ni baridi, yanatoka upande wa pili kupitia miksa fulani. Sasa nenda ukafunge koki ndogo za pembe chini ya sinki na nyuma ya miksa, moja baada ya nyingine, huku mwenzako anatazama bomba la jikoni. Ile ambayo ukiifunga maji yanakata ndiyo mhalifu. Mashine ya kufulia yenye mipira miwili, ya baridi na ya moto, nayo ijaribu, husahaulika. Fanya jaribio hili wakati maji ya mamlaka yapo, la sivyo kila kitu kitaonekana salama.

Dawa nzuri ni kuhamisha maji ya baridi ya bafuni nayo yatoke simtanki hilohilo, ili pande zote mbili za miksa ziwe na presha sawa. Faida ya ziada ni kwamba joto la kuoga halitabadilika ghafla mtu akifungua bomba jikoni. Kama kufukua ukuta hakuwezekani, weka valvu za kuzuia maji kurudi kwenye matawi yote mawili ya miksa, za nusu inchi, mshale ukielekea miksani. Upande wa moto chagua ya kibati kinachobembea, siyo ya springi, kwa sababu springi huhitaji kimo cha sentimita 20 hadi 50 za maji ili ifunguke, na wewe una mita 3 tu za kugawana na shawa. Ya kibati ilale mlalo, bawaba ikiwa juu, au isimame maji yakipanda. Ikigeuzwa kichwa chini haifungi. Na ubadilishe moyo wa miksa. Kununua miksa nzima kwa sababu ya moyo ni kumtajirisha mwenye duka.

Kuna valvu mbili nyingine za kutazama ukiwa juu. Valvu ya usalama, ile yenye kishikio kidogo na bomba linaloelekea chini, iwekee chupa ya lita moja mdomoni. Ikijaa kwa dakika 10, siku nzima zinapotea lita 144, karibu tanki lako zima. Watu huona ni matone tu na kulipuuza. Inua kishikio mara mbili tatu ili kuusukuma uchafu uliokaa kwenye kiti chake. Isipokoma ibadilishe kwa nyingine ya presha ileile iliyoandikwa kwenye kibati chake. Usithubutu kuiziba kwa plagi. Maji yakichemka ndani ya tanki lisilo na pa kupumulia, tanki linapasuka.

Ya pili ni valvu ambayo fundi fulani huenda aliipachika kati ya tanki na paneli kwa nia njema, ili maji ya moto yasirudi usiku kwenye paneli iliyopoa. Hapa panahitaji kueleweka vizuri, kwa kuwa ndiyo siri ya mtambo usio na pampu, na pia ndiyo sababu chokaa kidogo huleta hasara kubwa. Maji yanazunguka kati ya paneli na tanki kwa sababu tu yaliyopata joto ni mepesi. Hata ukichukua maji ya nyuzi 60 upande mmoja na ya nyuzi 20 upande mwingine, kwa kimo cha mita moja, tofauti ya uzito inasukuma sawa na maji ya kina cha sentimita moja na nusu. Hiyo ndiyo pampu yako yote. Ukiiwekea valvu ya springi inayodai sentimita 20, umeifunga. Ukiikuta, itoe. Kinachozuia maji kurudi usiku ni kimo: chini ya tanki pawe angalau sentimita 30 juu ya ncha ya juu ya paneli, kama tanki limekaa mbali nayo. Tanki lililobebwa na fremu moja na paneli limepangwa na kiwanda, usilihangaikie.

Sasa sponji. Ndege wa Arusha wanaipenda kweli kwa viota, na jua la mita 1,400 juu ya bahari linaisaga ikawa unga hata wasipoigusa. Ibadilishe, lakini usitarajie muujiza. Bomba la shaba la milimita 22 lililo uchi, likibeba maji yaliyozidi hewa kwa nyuzi 40, linapoteza kama wati 28 kwa kila mita, na upepo ukivuma zaidi ya hapo. Ukiwa na mita 3 za namna hiyo kati ya paneli na tanki, kwa saa 8 unapoteza kilowati-saa 0.7 hivi, sawa na nyuzi 4 za tanki lako. Zinauma, ila hazielezi nyuzi 15 zilizopotea.

Bomba linaloshuka bafuni lina tabia nyingine. Mita 12 za bomba la plastiki la milimita 25 zinashika lita 2.6 hivi. Maji hayo yakilala humo usiku yanapoa hata ukiyavika sponji nene, kwa hiyo lita tatu za kwanza asubuhi zitakuwa baridi siku zote. Kingia ndoo, mwagilia maua. Faida ya sponji huko ni pale wanafamilia wanapooga kwa kupokezana: wa pili anakuta maji ya bombani bado yana joto.

Ukinunua, chukua sponji nyeusi ya mpira yenye unene wa milimita 19 kwa mabomba ya nje na 13 kwa ya darini, tundu lake libane bomba. Iliyo kubwa kuliko bomba inaacha nafasi ya hewa kupita, na mvua ikiingia inageuka kuwa shuka lililolowa, ambalo linapoza bomba kuliko kuliacha wazi. Gundisha mshono kwa gundi yake, mshono huo uelekee chini, kisha funika yote kwa tepu ya alumini au rangi ya nje. Tepu nyeusi ya umeme haimalizi mwaka, inakauka na kuachia. Usisahau viungio, yunioni na shingo ya tanki, kwa kuwa ndipo mafundi huishia mapema. Ukiwa hapohapo angalia bomba la juu linalotoka paneli kwenda tankini: likiwa la plastiki ya kijani, badilisha liwe la shaba, maana paneli iliyokosa maji siku ya jua inaweza kupita nyuzi 100 na plastiki hiyo hulegea.

Kama umepita yote haya na tanki bado linasoma 34, tunaingia kwenye paneli. Hata hapa chokaa si mshtakiwa wa kwanza. Wa kwanza ni hewa. Maji ya mgao yakikatika na simtanki likakauka, hewa huingia kwenye mzunguko na kukaa pale bomba la juu linapofanya mgongo. Bomba hilo linapaswa kupanda muda wote kutoka paneli hadi tanki, bila kushuka hata kidogo. Saa sita mchana shika bomba la juu na la chini. Mzunguko ukiwa mzima, la juu linakuwa na joto kuliko la chini kwa nyuzi 10 hivi, na joto hilo linafika hadi shingoni mwa tanki. Ukikuta bomba linaunguza karibu na paneli lakini karibu na tanki limepoa, maji hayatembei. Jioni paneli ikipoa, legeza kidogo yunioni ya juu karibu na tanki, acha hewa izomee hadi yatoke maji matupu, kaza. Kesho pima tena. Usilegeze wakati wa jua, mvuke unaotoka hapo unababua.

Hewa imetoka na joto bado halisafiri: sasa ndiyo chokaa au tope. Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Kwenye kibati cha paneli pameandikwa ujazo wake wa maji, na ya mita 2 za mraba huwa kati ya lita 1.5 na 2. Alfajiri funika kioo kwa turubai zito, funga koki za kwenda na kurudi tankini, fungua yunioni ya juu ili hewa iingie, kisha toa maji yote ya paneli kwa plagi ya chini uyapime kwa jagi lenye mistari. Paneli ya lita 2 yenye mirija ya ndani milimita 10 ikikupa lita 1.3 tu, maana yake mirija imevaa ukoko wa unene wa milimita moja hivi. Milimita moja inasikika kama si kitu. Lakini tundu limetoka milimita 10 hadi 8, na kwa maji yanayotembea taratibu namna hii upitaji unashuka hadi asilimia 41 ya ule wa awali. Joto halishuki kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa maji yanayochelewa yanapata moto zaidi; ila paneli nayo inachemka na kulirudisha joto hewani kupitia kioo, na hasara inaanzia hapo.

Chuja maji uliyotoa kwa kitambaa cheupe. Ukipata magamba meupe, yakamulie ndimu. Yakitoa povu ni chokaa, na asidi itayatoa. Yasipotoa povu ni udongo au silika, ambayo maji ya ardhi ya volkano hubeba. Asidi ya ndimu haiifanyi kitu, utahitaji kusukuma maji kwa nguvu kinyume na mwelekeo wa kawaida. Tope jekundu linatoka kwenye simtanki lisilooshwa. Na floraidi ambayo maji ya Arusha yanajulikana nayo haihusiki hapa; inaharibu meno, haizibi mirija. Njia rahisi ya kujua kama maji yako yana chokaa ni kuangalia ndani ya birika: likiwa safi baada ya miaka, mirija yako nayo haina sababu ya kuziba, na fundi wa kwanza amekisia tu.

Ikiwa ni chokaa, huhitaji paneli mpya bado. Nunua nusu kilo ya unga wa ndimu, ile asidi ya sitriki wanayouza madukani kwa matumizi ya chakula, uuyeyushe kwenye ndoo ya lita 10 za maji ya vuguvugu la nyuzi 40. Koki za kwenda tankini zibaki zimefungwa kabisa, kwa sababu ndani ya tanki kuna fimbo ya magnesiamu inayolilinda lisipate kutu, na asidi itaila. Paneli ibaki imefunikwa. Chukua pampu ndogo inayoweza kupandisha maji mita 3, unganisha mpira wake kwenye plagi ya chini ya paneli, na mpira mwingine kutoka yunioni ya juu urudi kwenye ndoo. Acha izunguke.

Dakika chache baadaye maji yanayorudi yatakuwa na vipovu vidogo, kama soda iliyofunguliwa muda. Vipovu vikiisha, mwaga, tengeneza ndoo nyingine na uendelee; kwa kawaida ndoo mbili au tatu zinatosha, saa moja kila moja. Angalia rangi. Yakianza kuwa meupe kama maziwa, mwaga mara moja, kwani chokaa imeungana na asidi na itaganda upya ndani ya mirija. Hii hutokea zaidi suluhisho likiwa la moto sana au limechoka, ndiyo maana sikuambii uchemshe. Yakiwa na ukijani hafifu ni kutu ya shaba tu. Yakiwa buluu ya kukolea, asidi inakula mirija yenyewe, simamisha. Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo usiziruhusu zipande juu ya bati, hata fundi akikuapia. Zinatoboa viungio vya shaba nyekundu na njano.

Ukimaliza, zungusha ndoo ya maji yenye vijiko vinne vikubwa vya bikaboneti ya soda, kisha maji safi hadi yanayotoka yasiwe na ladha ya uchachu kwenye ncha ya ulimi. Vaa miwani muda wote, na uwe na ndoo ya maji safi kando. Mwaga taka mbali na mabati na vyuma.

Paneli ikishapoa na kujazwa, pima ujazo tena kwa jagi kabla hujafungua koki. Ikirudi lita 1.8 au zaidi kwenye ile ya lita 2, funga yunioni kwa tepu mpya ya nyuzi, toa hewa, ondoa turubai jioni. Isiporudi, na maji ya pampu yanapita kwa shida, kuna mirija iliyoziba moja kwa moja. Asidi haiwezi kuingia pasipo na njia, hupita tu kwenye mirija iliyo wazi na kuiacha iliyoziba. Hapo fundi wa kwanza atakuwa amepatia, paneli inunuliwe.

Siku tatu baada ya kazi rudia kipimo cha saa kumi jioni, kwenye shingo ya tanki na bafuni. Tanki likisoma 47 au 48 na bafuni likiwa chini yake kwa nyuzi mbili au tatu, mtambo wako umerudi. Likikwama kwenye 40 wakati mzunguko unatembea, futa vumbi la kioo na utazame kivuli: mgrivea au mparachichi wa jirani ulioota upande wa kaskazini hausumbui Desemba, ila Juni jua likiwa limeinama nyuzi 27 kuelekea kaskazini unaifunika paneli asubuhi nzima. Na kwa kuwa tanki limekaa muda mrefu na maji ya nyuzi thelathini na kitu, joto ambalo vijidudu vya kwenye matanki hulipenda, washa kipasha umeme mara moja hadi nyuzi 60, acha likae saa moja, kisha fungua mabomba yote ya moto dakika kadhaa, madirisha yakiwa wazi, kabla ya watoto kuoga.